Kadi zilisifu, wageni hawakurudi: jinsi nilivyotatua

Kadi za maoni hotelini kwetu zilijaa "vizuri sana", lakini wageni hawakurudi. Nilibadili maswali, nikaongeza nyota za kuchagua; wapi! Nikamtuma mgeni wa siri, asiyejulikana na wahudumu, akiwa na orodha ya kukagua na saa. Alisubiri chumba dakika 22. Ajabu, hata kadi yake ilisifu: mhudumu alisimama mbele yake akiingoja, naye akaona haya.

Kumbe tatizo ni mkono unaopokea kadi. Tukaweka sanduku lenye kufuli karibu na mlango, na swali moja: "Ulisubiri chumba dakika ngapi?" Malalamiko yakaanza kuingia, nikafurahi. Sasa wasafishaji humwarifu mpokezi kila chumba kinapokuwa tayari, hawangoji zamu iishe. Mgeni wa siri wa pili alisubiri dakika 6.