Nimelipa mwaka mzima, naambiwa bado nadaiwa dola elfu tisa

Leo sijalala vizuri jamani, acha niandike. Jana nimeenda kwa wale wakopeshaji wangu wa huku ughaibuni nikiwa na furaha zangu, nimepata ovataimu ya miezi miwili nikasema nipunguze deni la nyumba ya wazee. Nikamuuliza yule dada wa kaunta, nikitaka kumaliza loni yote leo ni shilingapi? Akabonyeza bonyeza, akageuza skrini. Dola 9,067.

Nilikopa 10,000. Nimekatwa miezi 12 bila kukosa hata mmoja, kila mwezi dola 378, yaani nimeshatoa zaidi ya 4,500. Nikamwambia dada, hapo umekosea. Akasema hapana, mkataba wako ni riba ya flati, na mkataba hauna punguzo la riba kwa anayemaliza mapema. Akanionyesha na sahihi yangu. Nzuri kabisa, nimeivutia mkia.

Nikarudi kazini nimenuna. Kuna Mfilipino mmoja tunafanya naye shifti, mtu mzima, kajenga kwao nyumba mbili kwa mikopo ya huku, akaniuliza kulikoni. Nikamweleza. Akatoa simu, akafungua kikokotoo, akanielewesha vizuri kuliko yule afisa aliyenikopesha. Sikutegemea, maana huwa hata haongei.

Iko hivi. Mimi niliambiwa asilimia 12 kwa mwaka nikaona sawa. Lakini flati maana yake wanachukua 12 ya ile 10,000 yote, inakuwa 1,200, wanazidisha mara miaka mitatu, 3,600. Wanajumlisha juu ya deni tangu siku ya kwanza, inakuwa 13,600, halafu wanagawa kwa miezi 36. Hata mwezi wa mwisho ambao nitakuwa nadaiwa vijisenti, riba nalipa kama vile bado nina elfu kumi yao mfukoni. Sasa ingekuwa asilimia 12 hiyohiyo lakini ya salio linalopungua, rejesho lingekuwa 332 kwa mwezi, na jana ningeambiwa nadaiwa kama 7,056. Ukiigeuza hiyo flati yangu iwe ya salio linalopungua inatoka kama asilimia 21 kwa mwaka. Ishirini na moja! Na mimi nilikuwa najisifu kwa mdogo wangu kwamba huku riba ni nafuu.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuja, au umeshafika na unataka kukopa, asilimia waachie wenyewe. Uliza maswali mawili tu: jumla nitalipa ngapi mpaka mwisho, na nikimaliza baada ya mwaka nitadaiwa ngapi. La pili waandike kwenye karatasi. Wakianza kuzungukazunguka, umeshajua.

Na hata hiyo elfu kumi sikuishika. Walikata ada ya kushughulikia mkopo na bima palepale, ikaingia 9,600, ila riba inahesabiwa kwenye 10,000. Nikatuma nyumbani. Tangazo limeandika kutuma ni bure kabisa, nami nikafurahi kama mtoto, kumbe ada yao wameificha kwenye reti ya kubadilishia. Siku ile sikulinganisha reti yao na ile ya sokoni inayoonekana kwenye mtandao. Baadaye nimelinganisha, ilikuwa chini kwa asilimia 3, kwa hiyo hapo imepotea kama dola 290 kimyakimya. Umoja wa Mataifa waliweka lengo kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma hela ishuke chini ya asilimia 3, na mimi na bure yangu nimeigonga hiyohiyo 3. Usisome ada, angalia shilingi ngapi zinatua upande wa pili.

Halafu zilipotua zikakwama. Benki ya nyumbani wakamwita mdogo wangu, hela hizi ni za nini, zimetoka wapi. Siku tisa. Walitaka mkataba wa mkopo, slipu za mshahara na barua inayoeleza uhusiano wetu. Niliwaka kweli, ila ukweli ni kwamba kiasi kikubwa kikiingia kwenye akaunti iliyozoea hela ndogondogo lazima waulize, ni sheria za utakatishaji fedha. Kuna jamaa alinishauri eti nigawe vipande vidogovidogo wasishtuke. Usifanye hivyo, vipande vya kukwepa maswali ndivyo vinavyowashtua zaidi, unaweza kufungiwa akaunti kabisa. Peleka karatasi mapema kabla hela haijaondoka huku.

Mtaniuliza kwa nini sikukopa benki ya nyumbani, zile loni za watu wa ughaibuni. Nilijaribu. Kiwanja ni cha mzee, hati ina jina lake, na benki inataka dhamana yenye jina la mkopaji au mwenye hati akubali kuiweka rehani. Kumwambia mzee wangu aweke hati ya ardhi yake benki kwa sababu ya mimi, nani ataanza hayo mazungumzo? Na mimi nilikuwa nawaona wasumbufu, maana walisema watatoa hela kwa awamu, msingi ukiisha mkaguzi anakuja anaangalia, ndiyo inatoka ya kuta. Nikasema mimi si mtoto. Nikakopa huku bila dhamana, nikatuma yote mara moja.

Ndipo nilipokosea zaidi ya riba. Hela ikiwa yote mkononi kila kitu kinanunuliwa siku moja. Mdogo wangu si mwizi, naomba mnielewe, risiti zote anazo. Alinunua saruji nyingi akidhani anawahi bei, fundi akachelewa, mifuko mingine ikaganda stoo. Mzee akaomba veranda iongezwe, nani atamkatalia? Hela ikaishia kwenye renta.

Na renta ni mahali pabaya sana pa kuishiwa. Msingi ungekaa hata mwaka, ukaufukia vizuri unakusubiri. Kuta bila paa mvua inaingia kwa juu, inalowanisha mpaka chini, nondo zilizobaki wazi zinaota kutu. Kupaua ndiyo kazi isiyofanyika nusunusu, huwezi kuweka bati leo upande mmoja ukasubiri mshahara. Ningejua, msingi na tofali ningezipeleka polepole kwa mshahara wangu, hata miaka miwili, halafu nikakopa kiasi kidogo cha paa tu, kikaisha chote ndani ya wiki chache na watu wakahamia. Sasa nimekopa cha kuchimbia mitaro, paa sina, na miezi 24 imebaki.

Ile ovataimu sijawapa. Kwa mkataba huu nikiwalipa mapema sipunguziwi hata senti, kwa hiyo afadhali waendelee na 378 yao kila mwezi na mimi hiyo niiweke ya mbao.

Mama kapiga jioni, sikumwambia haya. Kasema tu, "Mwanangu, ndani ya nyumba yako kumeota majani." Nikampigia mdogo wangu hapohapo. Kasema majani kesho anafyeka, na zile nondo ameshazipaka uji wa saruji zisile kutu, alitumia mfuko mmoja uliopona.