Siku moja maishani mwangu: slaidi 46 asubuhi, dokezo la ukurasa mmoja jioni

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kusoma matokeo ya dodoso za wateja, hudhani nakaa nikinakili vichwa vya slaidi na kuvipanga kwenye karatasi moja. Ingekuwa hivyo ningemaliza kabla ya chai ya saa nne. Siku ninayoieleza hapa ni ya kawaida kabisa: slaidi 46 kuhusu huduma ya kuagiza bidhaa mtandaoni, wateja 600 waliojibu, na meneja anayetaka dokezo la ukurasa mmoja ifikapo saa 11 jioni, kwa sababu kikao cha kesho asubuhi kinatakiwa kuamua jambo.

Saa 2:00 asubuhi. Nazipitia slaidi zote mara moja bila kuandika mada yoyote. Ukishaipa mada jina kwenye slaidi ya 5, zote zinazofuata utazisoma ukiitafuta hiyo hiyo, na zile zinazoipinga zitakupita bila kuziona.

Saa 2:45. Nafungua jedwali tupu lenye safu sita: namba ya slaidi, inachosema, swali lililoulizwa, waliulizwa nani, walikuwa wangapi, na ni namba au ni nukuu ya mteja. Slaidi moja inaweza kuzaa mistari mitatu, nyingine isizae hata mmoja. Safu ya nne ndiyo inayorukwa na wengi, kwa kuwa habari yake huandikwa chini kabisa ya slaidi kwa herufi ndogo za kijivu: "n=150, waliotoa alama 0–6", yaani waliojibu swali hilo ni 150, wale wasioridhika walioipa huduma alama 6 au chini yake. Mimi siandiki asilimia yoyote kabla sijaujaza huo mraba. Kufikia saa 4 nina mistari 61.

Saa 4:00. Naanza kukusanya mistari inayofanana. Kuchelewa kwa mizigo kunaonekana kwenye slaidi ya 9, 10, 11 na 12, na mtu mwenye haraka angesema hiyo ni mada iliyojirudia mara nne. Lakini slaidi ya 10 mpaka 12 ni slaidi ya 9 ile ile iliyokatwa kwa umri, kwa eneo na kwa muda ambao mteja ametumia huduma. Watu ni wale wale, swali ni lile lile, jibu ni lile lile. Huo ni ushahidi mmoja uliovaa nguo nne. Kwangu mada imejirudia pale inapotokea kwenye maswali mawili tofauti au zaidi.

Nukuu nazo nazipima hivyo hivyo. Kwenye slaidi ya 31 mpaka 36 kuna nukuu 24, na moja wapo, ya mteja aliyesubiri mzigo siku tisa, imewekwa mara mbili. Nukuu za kwenye slaidi zimechaguliwa na aliyetengeneza slaidi, na kwa kawaida huchaguliwa zile kali. Kwa hiyo sizihesabu kamwe. Zinanisaidia kuelewa mteja anamaanisha nini, basi.

Baada ya kuchuja hivyo, mistari mitatu inaanza kuzungumza pamoja. Slaidi ya 9: wasioridhika wanalalamikia kuchelewa. Slaidi ya 17: kati ya wateja 120 waliopiga simu huduma kwa wateja, 78 walikuwa wanauliza mzigo wao uko wapi. Slaidi ya 24: kati ya vipengele vinane vya programu ya simu, ukurasa wa hali ya oda umepata alama ya chini kuliko vyote. Maswali matatu tofauti, yote yanaelekea sehemu moja. Mada naiandika kama sentensi nzima: "Mteja akishalipa, hajui mzigo wake uko wapi." Ningeandika "Mawasiliano" tu, hakuna mtu kikaoni ambaye angejua kesho afanye nini.

Saa 5:20. Hapa ndipo siku ilipokwama, na ndipo kazi yenyewe ilipo.

Slaidi ya 4, ya muhtasari, ina maandishi makubwa: "38% ya wateja wanalalamikia kuchelewa". Nikirudi slaidi ya 9 ambako namba hiyo ilitoka, chini imeandikwa n=150. Swali la sababu waliulizwa tu wale waliotoa alama 0 mpaka 6. Asilimia 38 ya 150 ni watu 57. Hao 57 ukiwaweka ndani ya wote 600 ni asilimia 9.5. Tena hata hiyo 9.5 si haki kuiita "wateja wanaolalamikia kuchelewa", kwa sababu wale 450 wengine hawakuulizwa kabisa. Huenda wapo waliocheleweshewa na bado wakatoa alama 8. Sentensi iliyo sahihi ni moja: kati ya wateja 150 wasioridhika, 57 walitaja kuchelewa.

Simu ya meneja ikaingia wakati huo huo.

"Kaka, dokezo lianze na ile asilimia 38. Ndiyo itakayowaamsha."

"Sawa mama, ila hiyo 38 si ya wateja wote. Ni ya wale 150 wasioridhika."

"Si iko kwenye muhtasari?"

"Iko, lakini slaidi ya 9 inasema vingine. Mkuu wa usafirishaji akiifungua slaidi hiyo kikaoni, ataacha kutusikiliza kwa yote mengine."

Alinyamaza kidogo, akataka nimtumie picha ya ile n. Nikamtumia. Mazungumzo ya aina hii huchukua dakika kumi, na baadaye unahitaji nusu saa ili akili irudi ilipokuwa.

Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Waliosema "kuchelewa", je, mizigo yao ilichelewa kweli? Slaidi ya 22 inasema wateja wengi walipokea mizigo ndani ya siku walizoahidiwa, na slaidi ya 9 inasema kuchelewa ndilo lalamiko la kwanza. Slaidi mbili zinapovutana hivyo, usichague unayoipenda. Omba majibu ghafi, mtu mmoja mstari mmoja, uone kama wanaosemwa ni watu wale wale.

Niliyaomba saa 6. Saa 7 nikaletewa majedwali ya jumla, yaani asilimia zile zile nilizokwisha kuziona. Nikaandika tena, nikieleza kwamba nahitaji kila mteja na majibu yake yote, bila majina wala namba za simu. Saa 8 na nusu likaja faili la PDF, ambalo halihesabiki. Faili la Eksel lilifika saa 9 kasoro. Tangu hapo nafunga ombi langu kwa kutaja safu ninazozitaka moja moja: alama, sababu zilizowekewa alama, na jibu la swali la tarehe. Ombi la "data yote" kila mtu hulielewa kwa namna yake.

Kwenye faili, safu ya C ni alama, F ina 1 kwa aliyetaja kuchelewa, na J ni jibu la swali "Mzigo ulifika ndani ya siku ulizoahidiwa?"

```
=COUNTIFS(C2:C601,"<=6",F2:F601,1,J2:J601,"ndiyo")
```

Jibu likawa 29. Nikabadili neno la mwisho kuwa "hapana", likaja 23. Jumla 52, na watu wangu ni 57. Watano wamepotelea wapi? Nikachuja safu ya J na kuwatazama mmoja mmoja: wote watano wameandikiwa "ndiyo " yenye nafasi tupu baada ya herufi ya mwisho. Macho hayaioni nafasi hiyo, lakini fomula inaliona neno jingine kabisa. Nikaisafisha safu kwa `TRIM`, nikahesabu upya: 34 ndiyo, 23 hapana. Zimetimia 57. Bila kujumlisha pande zote mbili nisingejua kabisa kwamba watu watano wameanguka njiani, na dokezo lingetoka na namba yenye kasoro.

Basi kati ya 57 waliolalamikia kuchelewa, 34 wanasema wenyewe kwamba mzigo ulifika kwa wakati. Walichokiita kuchelewa ni zile siku za ukimya kati ya kulipa na kupokea. Hili halikuwa kwenye slaidi hata moja.

Nilijizuia kuandika "asilimia 60". Watu 57 ni wachache. Ukitoa asilimia hapo, ukingo wa makosa ni kama pointi 13 kila upande, hivyo ukweli unaweza kuwa chini ya nusu. Waliojibu wakiwa chini ya 100 naandika idadi yenyewe, 34 kati ya 57, msomaji aone uzito wake. Na jibu hilo linategemea kumbukumbu ya mteja, si rekodi za ghala. Hilo nalo nililiandika ndani ya dokezo.

Muda ulikuwa umekwenda. Shingo imekaza, maandishi ya kijivu nayaona hata nikifumba macho, na bado sijaandika sentensi ya kwanza. Mada nyingine mbili zilikuwa rahisi: malipo yanayokataa mara ya kwanza, na kurudisha bidhaa kunakodai maelezo yale yale mara tatu. "Bei ni kubwa" niliiacha nje, kwa kuwa imetokea kwenye swali moja tu, tena lenye orodha ya kuchagua ambamo bei ilikuwa ya kwanza.

Kila mada hupata sehemu tatu: tulichoona, maana yake, na pendekezo. Ya kwanza ilisomeka hivi:

*Mteja akishalipa, hajui mzigo wake uko wapi. Kati ya wateja 150 wasioridhika, 57 walitaja kuchelewa, lakini 34 kati ya hao wanasema mzigo ulifika kwa wakati. Kati ya 120 waliopiga simu, 78 waliuliza mzigo uko wapi (slaidi 9, 17, 24 na majibu ghafi). Kuongeza kasi ya usafirishaji peke yake hakutawafikia hao 34. Tunapendekeza timu ya usafirishaji itume ujumbe mzigo unapotoka ghalani na siku unapofikishwa, kwa majaribio ya wiki 4 katika eneo moja. Kipimo: idadi ya simu za "mzigo uko wapi" kwa kila oda 100, ikilinganishwa na eneo lisilo na majaribio.*

Pendekezo lisilo na mwenye kulifanya, muda na kipimo, nalirudisha mpaka liwe navyo. "Tuboreshe mawasiliano na wateja" lingepitishwa kikaoni kwa dakika moja, na baada ya miezi sita lingekuwa bado pale pale.

Dokezo lilifika maneno 380. Nililituma saa 11 na dakika 10, na jedwali la mistari 61 nikaliambatisha, ili atakayeuliza namba imetoka wapi aone slaidi na swali lake. Meneja alijibu kwa neno moja, "Limepita", na ile asilimia 38 haikurudi.

Kabla ya kuzima kompyuta niliwaandikia waandaaji wa dodoso: awamu ijayo chaguo la "kuchelewa" ligawanywe mawili, "mzigo ulifika baada ya siku niliyoahidiwa" na "sikupata taarifa nilipokuwa nasubiri", na swali hilo waulizwe wote 600.