Sekunde 15 za kujiandaa: nilivyokwama mara ya kwanza, na nilichobadilisha

Nilifanya mtihani wa Kiingereza wa TOEFL iBT mara 2 mwaka 2024, na mara zote 2 kilichoniumiza kichwa ni swali la kwanza la sehemu ya kuzungumza. Kwa mpangilio wa wakati ule, sehemu hiyo ilikuwa na maswali 4. La kwanza ndilo lililokuwa la kutoa maoni yako: ulikuwa unapewa sekunde 15 za kujiandaa na 45 za kuongea, unaongea na kompyuta, hakuna mtu wa kukutikisia kichwa wala kukuuliza "una maana gani?" Mara ya kwanza sehemu nzima nilipata 18 kati ya 30. Mara ya pili nilipata 25. Kiingereza changu hakikubadilika kiasi hicho kwa wiki 7. Kilichobadilika ni jinsi nilivyotumia zile sekunde 15.

Nianze na ushauri ulioniponza. Rafiki aliyekuwa amenitangulia kufanya mtihani alinipa utangulizi wa kukariri, ule wa "hili ni suala ambalo watu wengi wana mitazamo tofauti, lakini kwa upande wangu, kutokana na sababu mbili nitakazozieleza". Akasisitiza kwamba lazima niwe na sababu 2, tena kila moja na mfano wake. Nikaukariri hadi ukawa unatoka wenyewe.

Siku ya mtihani swali likaja, na sekunde za maandalizi zikaanza kupungua kwenye skrini. Nilizitumia vibaya kuliko nilivyowahi kutumia kitu chochote. Sekunde 6 au 7 za mwanzo nilikuwa najiuliza kwa dhati kabisa ninaamini upande upi. Zilizobaki nikaanza kuandika sentensi kamili, nikafika nusu, mlio ukalia. Nikatoa ule utangulizi wangu wote. Nilipomaliza nikatupa jicho kwenye saa: sekunde 13 zimekwisha na sijasema chochote kinachohusu swali. Sababu ya kwanza nikaieleza kwa sentensi 2 kavu. Ya pili nikaitaja tu, na nilipofika kwenye "kwa mfano" kinasa kikafungwa. Ukijumlisha, kompyuta ilirekodi utangulizi, dai, na dai jingine. Majibu hayo yalikuwa yanapimwa kwa mambo 3: jinsi unavyotamka na mtiririko wako, lugha unayotumia, na jinsi unavyoendeleza hoja. Kwenye hilo la tatu sikuwa nimewapa wapimaji cha kupima.

Nyumbani nilijirekodi kwa simu na kuandika kila neno nililotamka. Hapo ndipo nilipopata jibu. Kwa kasi yangu ya kawaida, bila kukimbia, sekunde 45 zinabeba maneno 95 hivi, labda 100. Hiyo ni aya moja fupi. Sababu 2 zenye mifano 2 haziingii humo. Sababu moja yenye kisa kimoja inaingia vizuri, tena inakaa kwa raha.

Basi nikageuza utaratibu. Niliacha kujiuliza "ninaamini nini?" nikawa najiuliza "upande upi nina kisa?" Mpimaji hajui msimamo wangu wa kweli wala hautolei alama. Kwa kuwa swali lilikuwa linaonekana kwenye skrini huku sauti ikilisoma, na sekunde 15 zilikuwa zinaanza baada ya sauti kumaliza, mimi nilikuwa nalisoma haraka kwa macho na kuchagua upande kabla sauti haijafika mwisho. Hapo nilijipatia sekunde kadhaa za bure. Zile 15 zenyewe zilikuwa za kuandika maneno 4 tu kwenye karatasi: upande, nani, nini kilitokea, kikaleta nini. Neno la tano halikuruhusiwa.

Swali halisi nililopewa siwezi kulitoa, maana tunakubali kutunza siri ya mtihani. Nitatumia moja nililolitunga kwa mazoezi: mwanafunzi akikwama kwenye swali la hesabu, ni bora ahangaike nalo mwenyewe au aombe msaada mara moja? Moyoni naamini ahangaike kwanza. Lakini kisa nilicho nacho kiko upande wa pili, kwa hiyo nilichagua upande wa pili. Kwenye karatasi: msaada, dada, alama, siku 3.

Nikaongea hivi, kwa Kiingereza bila shaka: naona ni bora mwanafunzi aombe msaada mara moja, kwa sababu kosa dogo la mwanzoni huharibu kazi yote inayofuata. Nilipokuwa shule nilikwama kwenye swali moja kwa siku 3. Kila jioni nilirudia hesabu ileile na kupata jibu lilelile baya. Mwishowe nikamwonyesha dada yangu, akaona ndani ya dakika moja kwamba kwenye mstari wa kwanza nimeandika alama ya kujumlisha mahali pa kutoa. Ningemuuliza siku ya kwanza, jioni 2 zingebaki kwa maswali mengine. Basi. Sentensi ya kwanza inachukua maneno ya swali lenyewe, kwa hiyo mdomo unatembea huku akili ikikikusanya kisa. Kisa kinakula zaidi ya sekunde 20. Sentensi ya mwisho inakirudisha kwenye swali, na nilijizoeza kuianza saa ikionyesha zimebaki 8, hata kama kisa hakijaisha.

Faida nyingine sikuitegemea. Kisa kinakaa chote katika wakati uliopita, kwa hiyo vitenzi havikunichanganya. Nilipokuwa nikijadili sababu kwa ujumla, nilikuwa naruka kutoka wakati mmoja hadi mwingine na kujisahihisha katikati, na kila kujisahihisha ni sekunde 2 zimepotea.

Visa havitokei vyenyewe ndani ya sekunde 15. Niliandaa 6 mapema: cha kusoma, cha kazi, cha pesa, cha safari, cha urafiki, cha simu na kompyuta. Sikuvikariri neno kwa neno, kwani jibu la kukariri hujulikana kwa sauti yake tu. Nilivisimulia kwenye simu kila siku kwa maneno tofauti hadi kila kimoja kikaingia ndani ya sekunde 25. Kimoja nilikitupa kwa sababu kilihitaji neno la Kiingereza la kifaa ambacho kila mara kilinisahaulisha jina lake. Kisa kizuri chenye neno moja usilolijua ni shimo katikati ya njia.

Mbinu hii sikuipeleka kwenye maswali mengine 3. Kule ulikuwa unasoma au kusikiliza kwanza, hoja ni za ulichosoma au kusikiliza na tayari umeziandika. Muda wa maandalizi, sekunde 30 kwa mawili na 20 kwa la mwisho, mimi niliutumia kuweka namba 1, 2, 3 kwenye maandishi yangu kwa mpangilio wa kuyasema, nisiongeze hata herufi.

Siku ya mtihani wa pili jirani zangu chumbani walishaanza kuongea kwa nguvu nilipofika swali la kwanza. Nikakaza macho kwenye maneno yangu 4. Kisa kilichonisaidia kilikuwa cha pesa, na swali wala halikuhusu pesa. Nilimaliza sentensi ya mwisho zikiwa zimebaki sekunde 2, nikanyamaza, nikaziacha ziishe.