Pasi zilichelewa, kosa lilikuwa la TV

Hapa Nkuhungu, Dodoma, nililaumu bando wiki mbili nikicheza gemu ya mpira mtandaoni: nabonyeza pasi, mchezaji anaitoa nikiwa nimeshaporwa mpira. Mdogo wangu akasema, "Kaka, zima intaneti ucheze dhidi ya kompyuta." Nikazima. Uzito ukabaki uleule, hata kwenye menyu! Hapo mtandao haukuhusika kabisa.

TV ilikuwa inalainisha picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo hula muda uleule kila mara. Mtandao mbovu hupanda na kushuka, wapinzani wakirukaruka uwanjani. Niliwasha `Game Mode`, mpangilio wa TV unaopunguza kazi hiyo, kwenye mlango wa HDMI wenye konsoli ya gemu. Vidole vikaafikiana na picha. Saa mbili usiku mechi za mtandaoni bado husuasua kidogo. Huo ndio mtandao wenyewe, `Game Mode` haiugusi.