Bajeti ya kununua mashine ya kusaga: namna nilivyopiga hesabu zangu

Mashine yenyewe ni kinu cha nyundo chenye mota ya 30 HP, cha kusaga mahindi ya wateja kwa shilingi 80 kwa kilo. Ankara ya muuzaji ilisema milioni 8. Ukiandika milioni 8 kwenye bajeti, mashine itafika na kukaa nje imefunikwa turubai, kwa sababu bado haina pa kusimama wala umeme.

Niliongeza usafiri na kushusha 400,000, msingi wa zege 600,000, kuvuta umeme wa fezi tatu pamoja na stata na nyaya 1,800,000, na fundi wa kufunga na kujaribu 200,000. Hapo inakuwa milioni 11, na hiyo ndiyo thamani ya mashine kwenye daftari la mali. Spea za kuanzia, 600,000, nazo zinahitaji pesa lakini ni mali ya stoo, hazichakai pamoja na mashine. Nikaweka 400,000 za dharura, jumla ya ombi ikawa milioni 12.

Kabla ya kukisia mapato nilitaka kujua kilo moja inakula umeme kiasi gani. Nilifanya jaribio kwenye mashine ya zamani ya ukubwa huohuo: soma mita, saga kilo 100 za mahindi makavu, soma tena. Zilitoka uniti 6. Nyundo zikiwa butu, kilo zilezile zilikula uniti 8, na unga ulitoka wa moto mkononi. Kwa uniti moja shilingi 350, kilo inakula shilingi 21 za umeme, zinabaki 59.

Kilo zenyewe sikuzihesabu wakati wa mavuno. Nilichukua risiti za LUKU za mwaka mzima za mashine ile, nikagawa uniti kwa 0.06. Miezi 8 ilitoa kama kilo 600 kwa siku, miezi 4 kilo 300 tu. Kwa siku 26 za kazi kila mwezi, mwaka unakuwa na kilo 156,000. Hizo mara 59 ni 9,204,000.

Matengenezo wengi huyaandika kwa kukisia, eti asilimia 5 ya bei. Mimi nayafuata kwa kilo. Seti ya nyundo, ukiigeuza pande zote, kwenye daftari letu ilisaga kama kilo 60,000, kwa hiyo mwaka unahitaji seti 3, yaani 360,000. Machekeche 4 ni 120,000, mikanda seti 2 ni 180,000, beringi na grisi 144,000. Halafu kuna kusuka upya mota iliyoungua: 600,000, ambayo naihesabu mara moja kila miaka 3, yaani 200,000 kwa mwaka. Mota nyingi huungua kwa sababu fezi moja imekatika na mashine ikaendelea kuzunguka na mbili, ikinguruma vibaya. Hakikisha stata ina kifaa cha kukata umeme hapo hapo. Jumla ya matengenezo ni 1,004,000.

Toa hiyo kwenye ile 9,204,000, toa mshahara wa mwendeshaji 3,000,000, toa pango na leseni 1,200,000. Zinabaki milioni 4 taslimu kwa mwaka. Milioni 12 gawa kwa 4: pesa inarudi kwa miaka 3.

Uchakavu uko wapi? Nimekadiria mashine itadumu miaka 8 na kuuzwa 1,400,000 mwishoni, kwa hiyo uchakavu ni (11,000,000 − 1,400,000) ÷ 8, yaani 1,200,000 kwa mwaka. Unaingia kwenye hesabu ya faida, lakini hautoki mfukoni. Pesa hiyo ililipwa siku ya kununua. Ukiutoa pia kwenye ile milioni 4, unapata miaka 4 na miezi 3, na umelipia mashine ileile mara mbili. Kosa hili nimeliona hata kwenye maombi ya watu wenye vyeti vya uhasibu. Kazi nyingine ya uchakavu ni kukukumbusha kiasi cha kutenga ili mwaka wa tisa usianze kukopa, ingawa bei ya mashine mpya itakuwa imepanda.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kilo. Zikipungua kwa robo tu, mshahara na pango vinabaki palepale, na matengenezo nikiyaacha yalivyo, taslimu inashuka hadi 1,699,000, na pesa inarudi kwa miaka 7 kwa mashine ya miaka 8. Na kama ningepiga hesabu kwa kilo 600 mwaka mzima, ningeona miaka 2 na kushangilia. Kwa hiyo kwenye ombi niliandika kiwango cha chini: kilo 139,100 kwa mwaka ndizo zinazorudisha pesa ndani ya miaka 4. Mkopo ukihusika, riba inaongezwa juu yake na kiwango hicho kinapanda.