Jinsi nilivyopata salamu ya maombi ya kazi bila kujua jina la mpokeaji

Tangazo la kazi ya mtunza ghala hapa Kizota, Dodoma, lilitoa anwani tu, jina hakuna. Niliandika "Bwana", nikafuta, maana huenda anayesoma ni mama. "Bwana/Bibi" ikasomeka kama fomu isiyojazwa. "Mheshimiwa" nayo, katika mji huu wa Bunge, ni ya mbunge au waziri.

Nikalisoma tangazo upya. Chini kabisa, juu ya sanduku la posta, kulikuwa na maneno niliyoyaruka: Meneja Rasilimali Watu. Cheo hakina jinsia! Nikaandika:

Ndugu Meneja Rasilimali Watu,
YAH: MAOMBI YA KAZI YA MTUNZA GHALA

Hilo "Ndugu" ndilo lililonitoa kwenye mkwamo. Linamfaa mwanamke na mwanamume sawasawa, na ofisi zetu zimelizoea. Kama cheo kingekosekana, ningeweka "Ndugu Mwajiri".

Jana nimejibiwa, nimeitwa kwenye usaili! Aliyejibu amesaini herufi moja na jina la ukoo, jinsia bado haionekani. Nimemjibu kwa "Ndugu" na jina hilo la ukoo, nikilinakili herufi kwa herufi.