Mfuko wa Kokoto

Ndugu na majirani wa Mkomani na Langoni mmeniomba mara kadhaa niandike neno juu ya safari yangu ya hija, nami nimekawia kwa sababu kila nilipoanza nilijiona kama ninayejitangaza. Picha niliyopigwa mbele ya Al-Kaaba nimeiacha ndani ya simu. Hii mnayoiona ni ya mfuko mdogo wa marekani ambao mke wangu aliushona niwekee kokoto, nao umerudi mtupu. Kisa chake ndicho nitakachokieleza.

Usiku wa kuamkia Idi, tuliposhuka kutoka Arafa na kulala Muzdalifa, niliokota kokoto 49 kwa mwanga wa simu, kila moja ukubwa wa punje ya mbaazi. Hesabu ilikuwa 7 za Jamratul Aqaba siku ya Idi, kisha 21 tarehe 11 na 21 nyingine tarehe 12, yaani 7 kwa kila nguzo katika zile tatu. Mzee mmoja wa Shela, tuliyekuwa naye kundi moja, aliokota 70 pamoja na chache za akiba kwa zitakazokosa hodhi, kwa kuwa alinuia kubaki hadi tarehe 13. Nilimwambia kwamba sisi vijana tungeondoka mapema. Akanijibu, "Wewe okota tu, mwanangu, kokoto hazili chakula." Sikuokota.

Tarehe 12, jua lilipopinduka, nilirusha zangu moja moja kwa takbiri, nikaanza na nguzo ndogo, nikaja ya kati, nikamalizia Aqaba. Wakala alikuwa ametuambia kwamba basi lingeondoka saa kumi alasiri, nami nilikuwa na muda wa kutosha. Nilichosahau ni kwamba pale Jamarat njia ya kuingilia siyo ya kutokea: umati husukumwa mbele upande mmoja, na askari hamruhusu mtu kurudi nyuma hata akilia. Nikatokea mahali nisipopajua, mahema meupe yakinizunguka kila upande, kila uchochoro ukifanana na mwenzake. Mimi niliyezoea kuwacheka wageni wanaopotea katika vichochoro vyetu, wakaishia kumuuliza njia mtoto wa chuoni, nilizunguka Mina tangu alasiri, koo limekauka, nikiwaonyesha watu kitambulisho cha mkononi ambacho wengi wao hawakuweza kukisoma. Mwishowe kijana mmoja ambaye hatukuelewana hata neno alinishika mkono kama anayemwongoza kipofu, akanifikisha hadi kwenye lango letu, kisha akageuka akaenda zake kabla sijamshukuru. Wakati huo adhana ya Magharibi ilikuwa imekwisha.

Basi lilikuwa limeondoka. Jambo lililonitia hofu zaidi, hata hivyo, lilikuwa la kifiqhi. Qurani imemruhusu mwenye haraka kuondoka katika siku mbili, lakini katika madhehebu yetu ya Shafi ruhusa hiyo ni ya aliyefunga safari kabla ya jua kuchwa. Mimi jua lilinichwea ndani ya Mina, mzigo wangu ukiwa bado hemani, sijaanza hata kuondoka. Ikanilazimu kulala na kurusha 21 siku ya pili, na mfuko wangu haukuwa na hata moja.

Mzee wa Shela alikuwa ameketi hemani anapangusa miwani yake. Nilidhani atanikumbusha maneno yake, lakini alisogea tu, akanipisha kwenye godoro. Magodoro yenyewe ni membamba, na siku zote tulikuwa tumelala tumebanana hivi kwamba mmoja akigeuka wote wanageuka. Usiku ule, wengi wakiwa wameondoka, kwa mara ya kwanza nilinyoosha miguu. Chakula cha wakala kilikuwa kimekatwa, ingawa malipo tuliyoyatoa yangetosha kutulisha mwezi mzima. Nilinunua chai mbili kwa bei ambayo hapa Langoni ningekunywa juma zima, tukanywa.

Asubuhi aliniambia kwamba kokoto si lazima zitoke Muzdalifa. Zinaokotwa popote ndani ya Haram, ila zilizokwisha kurushwa ni makuruhu kuzirudia. Niliinama kando ya hema nikatafuta 21, naye akaniongeza mbili kutoka katika akiba yake. Baada ya adhuhuri tulikwenda pamoja taratibu, na Jamarat ilikuwa na nafasi hata nikaweza kusimama baada ya nguzo ya kwanza na ya pili nikaomba dua ndefu bila kusukumwa, jambo ambalo siku zilizotangulia halikuwezekana. Mlionituma dua, nyingi nilizisoma hapo, kwa majina.

Aliyeniagiza kokoto moja ya ukumbusho anisamehe, kwa maana mawe na mchanga wa Haram havitolewi nje. Zamzam ipo, chupa ya lita 5 iliyobaki nusu. Karibuni baada ya Isha, kila mtu na kikombe chake kidogo.